Fomula zinafanana, shepu hazifanani: swali moja la BF3, AlF3, NF3 na ClF3

Wiki iliyopita kwenye tuisheni yetu hapa Uyole, baridi ile ya Julai ambayo hata chaki unaishika vidole vimekufa ganzi, tulikuwa tunapitia pepa la majaribio la kemistri kidato cha tano, sehemu ya kuchagua, na kuna swali moja lilipita na watu karibu wote. Swali lenyewe fupi tu:

Ipi kati ya hizi ni molekuli bapa ya pembetatu yenye engo za digrii 120?

A. BF3
B. AlF3
C. NF3
D. ClF3

Jibu ni A. Waliokosa nilitegemea wawe wamepiga ana ana ana doo, ila nilipokusanya karatasi za rafu nikakuta waliokosa wengine wamefanya kazi kubwa kuliko waliopata. Binti mmoja alikuwa amechukua elektronegativiti kwenye chati, akatoa, akaandika BF3 ni 1.94, AlF3 ni 2.37, NF3 ni 0.94, ClF3 ni 0.82, halafu akakumbuka ile sheria ya "ikizidi 1.7 ni ayoni" akafuta A na B kwa pamoja, akabaki na C na D, akaona NF3 ina vitu vitatu vimezunguka kimoja basi ni pembetatu, akazungushia C. Akaniuliza, "Ticha, mimi nimekosea wapi wakati hesabu zote ziko sawa?" Na kweli hesabu zote zilikuwa sawa. Ndio maana nimeamua niliandike hili kwa urefu, kwa sababu ndani ya swali hili moja kuna mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya, na yanatakiwa yaulizwe kwa mpangilio: kwanza je hiki kitu ni molekuli kweli, pili kama ni molekuli, jozi za elektroni zimejipangaje.

Tuanze na hilo la kwanza. Bondi ya kovalenti ni atomu mbili kushea jozi ya elektroni, na zikishashea zinashikana zenyewe kwa zenyewe, unapata kikundi chenye mwanzo na mwisho, unaweza kukihesabu, ndio molekuli. Bondi ya ayoni ni nyingine kabisa, hapo atomu moja imeachia elektroni imekuwa na chaji chanya, nyingine imepokea imekuwa na chaji hasi, na chaji haina mpenzi mmoja, inavuta kila upande. Kwa hiyo chumvi ya mezani tunaandika NaCl ila humo ndani hakuna Na mmoja na Cl mmoja wameshikana mikono, kila Na amezungukwa na Cl sita na kila Cl amezungukwa na Na sita, inaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa punje, na huo mpangilio ndio tunauita latisi. Fomula ya kitu cha ayoni inakupa uwiano tu. Ukiulizwa "shepu ya molekuli ya NaCl" ujue umeulizwa kitu ambacho hakipo.

AlF3 ni wa kundi hilo. Ni latisi, kila Al amezungukwa na F sita ingawa fomula inasema tatu, na ukiipasha moto haigeuki mvuke mpaka karibu digrii 1,290 za selsiasi. Sasa linganisha na BF3 ambayo inachemka kwenye digrii 100 chini ya sifuri, yaani kwenye chumba ni gesi. NF3 inachemka kama 129 chini ya sifuri. ClF3 inachemka takriban 12 juu ya sifuri, na asubuhi ya Julai ya Mbeya haiko mbali na hapo. Ukiangalia hizo namba nne hauhitaji mtu akwambie nani mgeni kwenye hilo kundi, tatu zinachemka kirahisi kwa sababu unatenganisha molekuli na molekuli tu, na ya nne inabidi ubomoe latisi nzima.

Kwa hiyo ile 1.7 imedanganya kwa BF3. Hii namba imetokana na kazi ya Linus Pauling aliyeweka skeli ya elektronegativiti mwaka 1932, na kwa fomula yake ukifika tofauti ya 1.7 bondi inahesabika kama nusu ayoni nusu kovalenti. Ni alama ya katikati kwenye mteremko. Watu wameifanya ukuta. HF yenyewe tofauti yake ni 1.78 na hakuna mtu anayebisha kwamba ni molekuli ya kovalenti. Bondi za BF3 zina ubaguzi wa chaji mkubwa sana, hilo ni kweli, elektroni zimevutwa upande wa florini, ila bado zinashewa.

Kinachoizuia boroni isiwe ayoni ni gharama. Ili upate B yenye chaji +3 inabidi utoe elektroni tatu, na jumla ya nishati ya kuzitoa ni kama kilojuli 6,900 kwa moli. Alumini ni kama 5,100. Halafu hata ukilipa hiyo gharama, hiyo B yenye +3 ni kadogo mno, kachaji kakubwa kwenye kamwili kadogo, kakikaribiana na florini kataivuta elektroni zake zirudi katikati, na zikirudi katikati tayari mnashea, umerudi kovalenti. Hii hoja ya ukubwa na chaji ilitolewa na Kazimierz Fajans mwaka 1923 na inasaidia sana, kwa sababu inaeleza pia kwa nini AlF3 ni ya ayoni wakati AlCl3 inabadilika kuwa mvuke kwenye digrii 180 hivi: klorini ni kubwa, wingu lake la elektroni linavutika kirahisi, florini ni ndogo na imeshikilia za kwake. Metali ile ile, tabia tofauti kabisa.

Hapo hapo ndio inavunjika na ile sheria nyingine ya fomu tuu, ya "metali na isiyo metali ni ayoni, zisizo metali zote ni kovalenti". Inafanya kazi mara nyingi, siikatai, ila huku kwetu kwenye mahindi mfano wa kuivunja umejaa stoo. Chukua mbolea ya SA, amonia salfeti, (NH4)2SO4. Humo kuna naitrojeni, haidrojeni, salfa na oksijeni, hamna metali hata chembe, ila ni ya ayoni, NH4 yenye chaji chanya na SO4 yenye chaji hasi. Yurea nayo ni punje nyeupe vile vile, inayeyuka kwenye maji vile vile, lakini ni molekuli za kovalenti.

Tulilijaribu hilo siku ile ile. Vikombe viwili vya plastiki, maji ya mvua (usitumie ya bomba, yana chumvi zake zitakuchanganya), kijiko kimoja cha SA huku na kijiko kimoja cha yurea kule, betri nne ndogo zimefuatana kupata volti 6, ka-taa kamoja ka LED, na zile fimbo nyeusi za kaboni tulizozitoa kwenye betri kuukuu za tochi. Kwenye SA taa ikawaka na vipovu vikaanza kupanda kwenye fimbo. Tukazisuuza fimbo, tukaweka kwenye yurea, kimya. Ayoni zikiwa huru kwenye maji zinabeba umeme, molekuli za yurea hazina chaji ya kubeba. Kwa hiyo kwenye pepa ukiona swali limekutupia maneno kama "inapitisha umeme ikiyeyushwa" au "kiwango chake cha kuyeyuka ni kikubwa sana", hiyo sio mapambo, anakwambia hii ni latisi, usihangaike na shepu.

Sasa tuje kwenye shepu, hapa ndio patamu.

Wazo lenyewe ni jepesi. Jozi za elektroni zilizomzunguka atomu wa katikati zote ni chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana, na zitakaa mbali mbali kadri nafasi inavyoruhusu. Wazo hilo Sidgwick na Powell walilitoa mwaka 1940, halafu Gillespie na Nyholm wakalinyoosha mwaka 1957 likawa ndio hii VSEPR ambayo vijana wanaisoma "vespa". Kitu cha kushika ni kwamba jozi zinazosukumana ni zote, zilizofunga bondi na ambazo hazijafunga. Hizi ambazo hazijafunga tunaziita jozi pweke, na ndio zinazowaua watu kwenye mtihani kwa sababu hazionekani kwenye fomula.

Kwa hiyo unazihesabu. Chukua elektroni za nje za atomu wa katikati, ongeza moja kwa kila florini, klorini au haidrojeni iliyomshika, gawa kwa mbili, hizo ndio jozi zote. Kisha toa idadi ya atomu zilizomzunguka, zinazobaki ni jozi pweke. Tufanye kwa hizi zetu.

BF3: boroni ina 3, florini tatu zinaleta 3, jumla 6, jozi 3. Atomu za pembeni ni 3, kwa hiyo jozi pweke hamna. Kuna waliokataa A kwa sababu "boroni haijatimiza nane", na kweli haijatimiza, ina sita tu, lakini hesabu ya shepu haidai nane, inauliza tu zipo ngapi.

NF3: naitrojeni ina 5, ongeza 3, jumla 8, jozi 4. Tatu zimefunga bondi, moja ni pweke.

ClF3: klorini ina 7, ongeza 3, jumla 10, jozi 5. Tatu za bondi, mbili pweke.

Ukijaribu AlF3 hesabu inakupa 3 jumlisha 3, jozi 3, bila pweke, sawasawa kabisa na BF3. Hapa naomba usimame kidogo. Hesabu haitakuonya kwamba umeipa kitu ambacho sio molekuli, itakubali chochote na kukupa jibu safi lenye sura ya ukweli. Ndio maana swali la ayoni au kovalenti linakuja kwanza, na aliyetunga hili swali aliweka B makusudi kwa ajili ya yule ambaye anajua kuhesabu tu. Ukiipasha AlF3 mpaka ikawa mvuke ndio unapata molekuli za AlF3 moja moja na kweli zinakuwa bapa, ila swali linauliza kitu kama kilivyo, na kilivyo ni latisi.

Haya, jozi tatu zinakaaje? Nilinunua maputo pale Mwanjelwa, ukiyafunga matatu kwa pamoja kwenye shingo zake yanalala bapa yenyewe, kila moja digrii 120 kutoka kwa mwenzake, huna haja ya kuyapanga. Ongeza la nne. Watu wengi kichwani wanategemea msalaba, digrii 90 kila upande, lakini maputo yanakataa, moja linainuka juu na mengine yanashuka kidogo, kila moja linapata digrii 109.5, hiyo ndio tetrahedro. Ukiyabana kwa nguvu yawe msalaba na ukaachia yanarudi tena kwenye tetrahedro. Hicho ndicho NF3 inachofanya na jozi zake nne.

Na hapa ndipo kuna mtego ambao naona unakula marks nyingi kuliko wote: jozi nne zimekaa tetrahedro, basi kijana anaandika NF3 ni tetrahedro. Hapana. Jozi zimepangwa tetrahedro, ila jina la shepu linatolewa kwa kuangalia atomu zilipo, na jozi pweke haina atomu kwenye ncha yake. Kwenye yale maputo manne tulifanya moja liwe jeusi, tukasema jeusi ni pweke, funika jicho usilione. Kinachobaki ni fundo la katikati na ncha tatu zimeshuka chini, kama kigoda cha miguu mitatu. Hiyo ni piramidi ya pembetatu, kwa hiyo sio bapa, kwa hiyo C imekwenda. Lile puto jeusi haulitaji kwenye jina ila ndilo lililovisukuma vile vitatu chini, bila lenyewe NF3 ingekuwa bapa kama BF3.

Tena jozi pweke inasukuma zaidi kuliko ya bondi, kwa sababu ya bondi imevutwa na atomu mbili inakuwa nyembamba, pweke imeshikwa na atomu mmoja inatanuka pale pale karibu na katikati. Ndio maana methane CH4 isiyo na pweke ina 109.5, amonia NH3 yenye pweke moja inashuka mpaka 107, na maji H2O yenye mbili yanafika 104.5. NF3 yenyewe ni kama 102, chini zaidi ya amonia ingawa zote zina pweke moja, kwa kuwa florini inavuta zile jozi za bondi kuzipeleka kwake mbali na katikati, zikiwa mbali hazisukumani sana zenyewe kwa zenyewe, pweke inapata nafasi ya kuzibana.

ClF3 ina jozi tano. Jozi tano zinakaa tatu kwenye kiuno, zimeachana 120, na mbili kwenye ncha za juu na chini. Sasa pweke mbili zikae wapi? Aliyekaa kwenye ncha ana majirani watatu wa digrii 90, aliyekaa kiunoni anao wawili tu wa digrii 90, wengine wako mbali. Pweke inataka nafasi, kwa hiyo zote mbili zinaenda kiunoni. Florini zinabaki moja juu, moja chini, moja kiunoni. Ukiichora na kuilaza utaona herufi T, na engo zake ni kama 87.5, chini kidogo ya 90 kwa sababu zile pweke zinazisukuma. Ni bapa kweli, atomu zote nne ziko kwenye uso mmoja, na walioichagua D wengi walifika hapo wakaona neno "bapa" wakasimama, lakini T sio pembetatu na 87.5 sio 120.

Kuhusu oksijeni niseme haraka kwa sababu mtu atauliza. Oksijeni yenye bondi mbili ukiiongezea kama florini utapotea, CO2 itatoka jozi tatu, moja pweke, na utaandika imepinda. Kwenye hii hesabu oksijeni ya pembeni ihesabu sifuri, kwa sababu bondi mbili zinaelekea upande mmoja, na kinachosukuma ni mielekeo. CO2 inakuwa 4 jumlisha 0, jozi 2, mstari ulionyooka. SO2 ni 6, jozi 3, za bondi mbili na pweke moja, kwa hiyo imepinda. Chaji nayo iingize: ikiwa chanya toa elektroni, ikiwa hasi ongeza. Ile NH4 ya kwenye SA ni 5 jumlisha 4 toa 1, jozi 4, hamna pweke, tetrahedro kamili. SO4 yake ni 6 jumlisha 2, jozi 4, tetrahedro pia. Kwa hiyo gunia la SA halina molekuli, ila ayoni zilizomo ndani kila moja ina shepu yake kwa kuwa zenyewe kwa ndani zimeshikwa na kovalenti. Hili nalo wanapenda kulitega.

Usiitegemee njia hii ikupe engo kamili. Itakwambia "chini ya 109.5", haitakwambia ngapi. H2S ina jozi nne na pweke mbili kama maji, ungetegemea 104 hivi, kumbe ni 92. Na kwenye metali za katikati ya jedwali kama shaba na nikeli usiilete kabisa, elektroni zao za ndani zinaingilia mambo. Kwa pepa la kuchagua hiyo haikusumbui, machaguo yanakuwa yameachana vya kutosha, ukishajua jozi za bondi ngapi na pweke ngapi umemaliza.

Yule binti nilimrudishia swali lile lile siku ya pili nimebadilisha maneno machache, badala ya "molekuli bapa ya pembetatu yenye engo za digrii 120" nikaweka "molekuli ya piramidi". Pembeni ya A akaandika 3 na 0, pembeni ya B akaandika latisi, C akaandika 3 na 1, D akaandika 3 na 2. Akazungushia C, herufi ile ile aliyozungushia jana yake, akaniangalia akasema, "Leo naijua kwa nini, ndaga ticha."